Pamba iko darini, nyumba bado ni baridi na paa linadondosha: tafuta hewa inapopita

"Fundi, paa linavuja," Mwalimu aliniambia kwa simu, "na mvua haijanyesha siku tisa."

Mwalimu ni mzee mstaafu anayekaa Kiamunyi, upande wa magharibi wa Nakuru. Miezi miwili kabla ya simu hiyo nilikuwa nimemwekea pamba ya glasi juu ya dari ya jipsam, unene wa sentimita 10, nyumba nzima. Kilichonipeleka huko mara ya kwanza ni baridi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri isiyo na mawingu joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Sasa sebule ilikuwa na nafuu kidogo tu, miguu ilikuwa bado inapigwa na ubaridi, na juu ya hayo kulikuwa na matone. Kabla sijaweka pamba, bati lile halikuwa limewahi kudondosha hata tone.

Kwa hiyo kosa lilikuwa langu. Nilifunika dari bila kuziba matundu yake. Tangu hapo nyumba za namna hii nazichunguza kwa mpangilio ninaoueleza hapa, nikianza na dalili inayowatia watu hofu kuliko zote.

Dalili: matone au madoa darini wakati hakuna mvua

Kwanza hakikisha kama ni uvujaji au ni umande. Mvua inayovuja hupitia mahali pamoja, kwenye msumari uliolegea au pale kofia ya paa ilipokaa vibaya, na huacha doa la kahawia linalokua kila mvua ikinyesha. Umande hautafuti tundu. Huenea chini ya bati lote, hutokea zaidi usiku ambao nyota zinaonekana vizuri, na matone huanza kuanguka alfajiri mpaka jua linapopanda.

Kuna njia moja tu ya kuwa na uhakika, nayo ni kupanda darini saa kumi na moja asubuhi ukiwa na tochi. Nilipopanda kwa Mwalimu nilipitisha kiganja chini ya bati kikarudi kimelowa. Kila ncha ya msumari iliyotokeza kwenye mbao ilikuwa imening'iniza tone lake. Pamba ilikuwa na unyevu juu na kavu chini, na sehemu zilizolowa zaidi zilikuwa juu ya spotilaiti za sebule na juu ya korido ya bafu. Kama paa lingekuwa limetoboka, unyevu usingejipanga kwa kufuata taa.

Maji hayo hutoka ndani ya nyumba. Watu wanne wamelala, sufuria ya chai imechemka, mtu ameoga maji moto: mvuke wote huo uko hewani. Sebule ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 70 hubeba karibu gramu 11 za maji katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Hewa ya nyuzi 8 haiwezi kushika zaidi ya gramu 8 na kidogo. Hewa ya sebuleni ikipenya hadi kwenye bati lenye nyuzi 8, zile gramu karibu tatu zinazozidi hazina pa kukaa ila kugeuka maji. Nalo bati usiku usio na mawingu hupoa kuliko hata hewa ya nje, kwa sababu linatazamana na anga tupu na kutoa joto lake huko. Ndiyo maana gari lililolala nje huamka limelowa wakati ukuta wa nyumba ni mkavu.

Basi kwa nini bati halikudondosha kabla ya pamba? Kwa sababu joto la sebule lilikuwa likipanda kupitia jipsam tupu na kulipasha. Nilipoweka pamba, joto likabaki chini jinsi nilivyokusudia, na nafasi ya darini ikawa baridi zaidi. Lakini hewa yenye mvuke iliendelea kupanda kupitia matundu yale yale. Nilikuwa nimelifanya bati liwe baridi huku nikiliachia maji yaendelee kulifikia. Mwenye nyumba akikwambia tatizo lilianza baada ya pamba, usimbishie, na usikimbilie kung'oa pamba pia.

Dalili: vumbi jeusi kwenye dari na mistari kwenye pamba

Hii ndiyo dalili niipendayo, kwa kuwa haihitaji kifaa chochote. Nakuru ni mji wa vumbi. Wapo wanaosema hata jina lake linatokana na neno la Kimaasai lenye maana hiyo. Vumbi hilo laini hufuata hewa na kuganda pale hewa inapojibana kupita. Tazama dari ukiwa umesimama chini. Ukiona duara la kijivu kuzunguka spotilaiti, au mstari mwembamba kama wa penseli pale konisi inapokutana na ukuta, hapo pana njia ya hewa.

Kisha panda juu, inua kipande cha pamba mahali hapo na ukigeuze. Pamba safi ni ya manjano au nyeupe. Kwa Mwalimu, juu ya kila taa kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kisahani, limeingia ndani ya nyuzi za pamba. Wengi hudhani ni ukungu wa kuoza. Mara nyingi ni vumbi na moshi vilivyochujwa: hewa ilipita katikati ya pamba, uchafu ukabaki. Nalo doa hilo ndilo linaloeleza kwa nini pamba pekee haitoshi. Kazi ya pamba ni kushika hewa isitikisike ndani ya nyuzi zake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Hewa inayosukumwa hupita humo kama chai kwenye kichujio. Anayepanda bodaboda kutoka Njoro alfajiri akiwa na sweta peke yake anajua jambo hili bila kuelezwa.

Dalili: miguu inapoa, upepo unapita chini ya mlango

Wengi huanza kwa kuziba chini ya mlango kwa sababu hapo ndipo wanapousikia upepo. Si vibaya, ila ni kuanzia mwisho. Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda na kutokea darini, na hewa baridi huvutwa chini kuziba pengo lake. Ukiziba mlango na kuacha dari, mvuto unabaki, na hewa itaingilia kwenye luva, chini ya fremu ya dirisha, au kwenye mlango wa jikoni. Ziba juu kwanza. Upepo wa mlangoni utapungua hata kabla hujaugusa mlango.

Nilimpigia Mwalimu hesabu mezani kwa kalamu yake mwenyewe. Sebule ina spotilaiti 12. Fundi wa stima alikata tundu la milimita 90 kwa kila taa, na taa zinacheza ndani ya matundu hayo na kuacha mwanya wa milimita 3 hivi kuzizunguka. Hiyo ni sentimita za mraba 8 kwa taa moja, karibu 100 kwa zote. Kifuniko cha kupandia darini ni cha sentimita 60 kwa 60, kimeachia nusu sentimita pande zote: 120 nyingine. Mlango wa mbele una upana wa sentimita 90 na mwanya wa sentimita moja chini: 90. Jumla ni 310, ambayo ni karibu sawa na karatasi ya A4 iliyokatwa katikati. Alichukua karatasi, akaikata, akaiinua juu kuelekea dari. "Ningeona tundu kama hili kwenye bati," akasema, "nisingelala."

Tukaendelea. Sebule ni mita 4 kwa 5, kimo mita 2.7, yaani mita 54 za ujazo. Kabla ya pamba, kukiwa na tofauti ya nyuzi 10 kati ya ndani na nje, dari ilikuwa ikipoteza wati 500 hivi. Baada ya pamba ni kama 75. Hapo pamba ilifanya kazi yake vizuri sana. Lakini nikikadiria kwamba hewa yote ya sebule hubadilika mara mbili kwa saa kwenye usiku wenye upepo, hewa hiyo huondoka na karibu wati 290. Hesabu ya hewa haikuguswa na pamba hata kidogo. Ukiongeza pamba ya pili juu ya ile ya kwanza, utaokoa kama wati 35 na kuziacha zile 290 ziende zake. Ndivyo wauzaji wengi wanavyoshauri, na ndiyo sababu nilikataa kuuza pamba zaidi siku ile.

Dalili: swichi inapuliza

Hii huwashangaza watu. Weka kiganja mbele ya swichi ukutani wakati wa baridi, na mara nyingine utasikia hewa. Ukuta wa mawe si tatizo. Hewa inashuka ndani ya konduti. Bomba la waya huanzia darini likiwa wazi na kushuka hadi kwenye kisanduku cha swichi. Dawa yake iko juu, si kwenye swichi: zima umeme, panda darini, ziba mdomo wa kila konduti kuzunguka waya kwa puti au silikoni.

Kupima kabla ya kuziba

Nchi za baridi wana feni kubwa inayofungwa mlangoni ili kupima uvujaji wa nyumba nzima kwa shinikizo la paskali 50. Sisi tunatumia udi na feni ya kutolea moshi jikoni. Zima kwanza jiko, gesi na moto wa aina yoyote, kwa sababu feni ikivuta hewa inaweza kurudisha moshi wa dohani ndani. Funga madirisha na milango ya nje, acha milango ya ndani wazi, washa feni, kisha zunguka na udi.

Feni ikiwa imewashwa, hewa ya darini huvutwa kuja ndani, kwa hiyo moshi ulio chini ya taa husukumwa chini au pembeni. Ukizima feni usiku wa baridi, moshi ule ule hunyooka na kumezwa na tundu. Nilipofanya hivyo kwa Mwalimu, moshi uliingia kwenye taa ya kona kama uzi unaovutwa na mtu aliye juu. Weka alama ya chaki au kipande cha selotepu kila mahali moshi unapoyumba. Usizibe chochote kabla hujamaliza nyumba nzima. Tundu dogo lenye kelele humfanya mtu asahau kubwa lililo kimya. Kwa nyumba hii, tundu kubwa lilikuwa kifuniko cha darini, na hakuna aliyewahi kulilalamikia.

Kuziba, ukianzia juu

Kifuniko cha darini ndicho rahisi na ndicho chenye faida kubwa. Bandika ukanda wa mpira laini juu ya ukingo wa fremu, kisha ongeza vifungo viwili vya kukibana kifuniko chini. Uzito wake peke yake haubani mpira. Gundisha juu yake kipande cha pamba kilichokatwa kwa kipimo, la sivyo unaacha dirisha la baridi katikati ya dari.

Spotilaiti zinataka uangalifu. Taa za zamani za haloji za wati 50 huwaka moto mkali, na kuzifunika kwa pamba au povu ni kuwasha nyumba. Kama bado zipo, zitolewe. Kwa taa za ledi, suluhisho zuri kuliko yote ni kufunga matundu kwa jipsam na kuweka taa za kubandikwa juu ya dari. Mwalimu alizipenda zake, kwa hiyo nilitengeneza visanduku vya mabaki ya jipsam juu ya kila taa, vyenye nafasi ya sentimita 10 kila upande, nikaunganisha pembe na sehemu ya kukalia kwa gundi ya akriliki, na kuziba pale waya unapoingilia. Pamba ikarudishwa kuzunguka kisanduku na juu yake. Visanduku 12 vilinichukua siku moja na nusu. Niliona ni adhabu yangu, sikumtoza.

Konisi hudanganya. Mafundi wengi hukomesha plasta pale dari itakapofika, kwa hiyo nyuma ya konisi kuna mawe matupu yenye viungo wazi, na konisi imefunika tu pengo hilo lisionekane. Pitisha akriliki kwenye mstari wa ukuta na kwenye mstari wa dari. Usitumie silikoni hapo, kwa kuwa rangi haishiki juu yake, na utalaumiwa na mwenye nyumba hata kama umeziba vizuri.

Halafu ndipo ushuke kwenye mlango: brashi au mpira chini, ukanda wa mpira kwenye fremu. Madirisha ya chuma mara nyingi hayahitaji zaidi ya kunyoosha bawaba na kurudishia puti iliyopasuka. Luva sitakudanganya, hazizibiki. Kila kioo huacha mwanya wake, na usipobadilisha dirisha zima, pazia zito litapunguza upepo unaokupiga lakini si hewa inayopita.

Mahali ambapo hupaswi kuziba

Nimekuta nyumba Molo ambapo fundi alisikia habari za kuziba hewa, akajaza pamba kwenye mwanya wa chini ya bati pembeni mwa paa, mzunguko mzima. Hapo alikuwa ameziba tabaka lisilo lake. Mpaka wa hewa ni dari. Juu ya dari panatakiwa pumzi, ili unyevu mdogo unaopenya upate pa kutokea. Baada ya kuziba pembeni, mbao zake zilianza kuota ukungu. Kama upepo wa pembeni unafukua pamba, simamisha kipande cha ubao juu ya ukuta ili upepo upite juu ya pamba badala ya ndani yake.

Matundu ya hewa ya kudumu yaliyo juu ya madirisha nayo yaache. Chumba chenye jiko la makaa, hata liwe limebakia majivu mekundu tu, hakizibwi kamwe: gesi yake isiyo na rangi wala harufu inaua watu wakiwa usingizini, na chumba kilichozibwa vizuri huua haraka zaidi. Nikikuta familia inaota moto wa jiko chumbani, sianzi kazi mpaka jiko litoke. Hita ya maji ya gesi iliyo bafuni ni vivyo hivyo. Mahali pake ni nje.

Kisumu mambo hugeuka. Huko ni mita 1,130 hivi tu, na usiku mtu anataka upepo upite chumbani. Ziba dari, kwa sababu mchana hewa ya chini ya bati ni ya kuunguza na hutaki ishuke ndani, lakini madirisha yawe mapana, yenye wavu wa mbu. Kwenye nyumba zisizo na dari, mwanya wa juu ya ukuta ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria. Wekea wavu, usiutie saruji.

Ilivyokuwa kwa Mwalimu

Nilirudi baada ya wiki mbili, tena saa kumi na moja asubuhi, anga ikiwa haina mawingu. Joto nje lilikuwa nyuzi 9, sebuleni 17, na hita ya umeme ilikuwa imezimwa tangu saa tatu usiku. Bati la juu ya sebule lilikuwa na ukungu mwembamba usiotosha kutengeneza tone. Pamba ilikuwa kavu. Lakini juu ya korido ya bafu bado kulikuwa na matone, na kipande cha pamba chenye upana wa mkono kilikuwa kimelowa chepechepe.

Nilizungusha tochi mpaka nikaliona bomba la feni ya bafu. Aliyeifunga alikuwa ameliacha mdomo wazi darini, sentimita 40 chini ya bati, likielekezwa juu. Kila aliyeoga alikuwa akipuliza mvuke wake moja kwa moja kwenye bati. Akriliki yangu yote isingelisaidia hilo. Tulinunua bomba la mita mbili, tukalipitisha kwenye ubao wa pembeni mwa paa hadi nje likiinama kidogo ili maji yasirudi, na nikatoa ile pamba iliyolowa, nikaikausha juani siku mbili kabla ya kuirudisha.

Mke wa Mwalimu alisimama uani akitazama mvuke ukitokea chini ya paa wakati kijana wao anaoga. "Kumbe yote hayo yalikuwa yanatulalia juu," akasema.